Ukisifiwa kazi yako mbele za watu, kwa nini tunakimbilia "sijafanya lolote"?

Binti Tandahimba

Habari zenu wadau. Naomba tuliongee hili, maana nyumbani kwetu limezua ubishi na mpaka leo halijaisha.

Mdogo wangu ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba. Msimu wa korosho uliopita, malipo yalipoingia, hakuna mkulima hata mmoja aliyekwama kwa sababu namba ya akaunti imekosewa. Mnaojua haya mambo mnaelewa uzito wake. Tarakimu moja ikikosewa pesa hairudi mikononi mwa mtu haraka, mkulima anazungushwa huku na huku wakati wenzake wanashusha mabati. Mdogo wangu alichofanya ni kitu kimoja. Gunia likishapimwa, haandiki tu akamruhusu mtu aende. Anamsomea namba yake tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti, na mkulima mwenyewe ameshika kadi ya benki mkononi anafuatilia, ndipo anasaini. Foleni ilirefuka, watu walinung'unika, yeye hakuacha.

Kwenye mkutano mkuu mwenyekiti akasimama, akamtaja kwa jina, akaeleza jambo hilo hilo mbele ya wanachama wote. Makofi. Mdogo wangu akainuka, macho chini, akasema: "Hapana mwenyekiti, mimi sijafanya lolote, ni Mungu tu." Mzee mmoja huko nyuma akadakia: "Basi posho ya karani msimu ujao tumpelekee Mungu." Ukumbi mzima kicheko, ajenda inayofuata.

Mimi naona hakujibu vizuri. Mtu amekusifu kwa jambo alilolishuhudia, wewe unamwambia mbele ya watu wake kwamba halikutokea. Angesema "Ahsante mwenyekiti, nimefurahi mmeliona," akakaa. Mama anasema hapana, hivyo ndivyo anavyojibu mtoto aliyelelewa. Nyie mnasemaje?

Ntwara Kuchele

Niko upande wa mama yako, dada. Huku kwetu ukijibu "ahsante, nimefurahi mmeliona" kuna watu wataondoka pale wanasema huyu binti ameshajiona. Hasa binti mdogo mbele ya wazee. Kukataa kidogo ndiyo adabu, na kila mtu ukumbini alijua hamaanishi. Huyo mzee wa posho ni mtani tu, bila shaka mmoja wenu mmempokonya shamba.

Fundi Chuno

Kuchele, kila mtu anajua hamaanishi mpaka pale mtu atakapochukua neno lake kama lilivyo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Chuno, nina mabinti wanajifunza kwangu. Mmoja mkono wake ni mzuri kuliko wa mafundi wengi wa mjini, lakini akisifiwa tu anapata joto. Mteja alikuja kuchukua gauni la kitenge, akavaa, akajizungusha kwenye kioo, akasema "Jamani limekaa!" Binti yangu akajibu: "Aa, la kawaida tu dada, hata hapa begani pamekunjika kidogo." Mteja alikuwa hajaona bega. Akarudi kwenye kioo, safari hii haangalii gauni tena, anaangalia bega. Akavua. Pesa iliyobaki akasema ataleta bega likirekebishwa. Nililikagua lile bega mwenyewe kwa mkono, ilikuwa ni mkunjo wa pasi.

Tangu siku hiyo wote nimewapa agizo moja. Ukisifiwa, sema ahsante, halafu sema kitu kimoja cha kweli kuhusu kazi yenyewe, halafu nyamaza. "Ahsante dada. Kola ndiyo iliyochukua muda." Basi. Hiyo kola iliyochukua muda inamfanya mteja ashike kola aiangalie, na mazungumzo yanabaki kwenye gauni, hayaji kwako. Kasoro kama ipo kweli unaisema kabla hajavaa, huingoji akusifu ndipo uitoe kama kitambaa cha kufutia uso.

Mzee wa Mikindani

Wanangu salaam. Wazee walishatufunga mdomo kwenye hili: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maana yake sifa inaharibu kazi. Kwa hiyo aliyelelewa anaisukuma mbali isimwingie kichwani. Huyo karani alifanya sawasawa kabisa. Nimekulia kwenye minazi, wagema nawajua.

Mwalimu wa Masasi

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, methali hiyo inamlaumu mgema kwa maji aliyotia baadaye. Haikusema mgema alipokea vibaya sifa. Anaweza akakataa kwa maneno kama karani wetu, "sijafanya lolote mie," na kesho yake akatia maji vile vile. Na mwingine akasema ahsante na tembo lake likabaki safi. Maneno ya mdomoni na kichwa kuvimba ni vitu viwili.

Kwenye swali la Binti Tandahimba. Hili jambo limechunguzwa. Mwaka 1978 mtafiti Mmarekani, Anita Pomerantz, alieleza kwa nini kujibu sifa kunamtatiza mtu. Unavutwa pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja, mtu akisema jambo unatakiwa ukubaliane naye, kumpinga ni kukosa adabu. Upande wa pili, usijisifu. Sasa ukikubali sifa umejisifu, ukiikataa umempinga msemaji. Watu wanatoka humo kwa kusogeza: wanaipunguza kidogo, wanaipeleka kwa mwingine, wanarudisha sifa kwa aliyesema, au wanageuza mazungumzo yaende kwenye kitu chenyewe. Fundi Chuno na kola yake hajasoma hiyo makala, lakini amefika pale pale.

Kwa hiyo mama hajakosea na dada hajakosea. Mmoja anaona kamba ya huku, mwingine ya kule.

KoroshoGhafi

Samahani wakuu, kwani malipo ya mnada wa mwisho Tandahimba yameshaingia yote? Sisi huku Newala kuna watu bado. Huyo karani anaweza kutusaidia namba?

Ntwara Kuchele

Mkuu KoroshoGhafi, soma uzi toka juu. Hapa tunamsifu karani, wewe unataka kumpa kazi.

Chande wa Ruangwa

Kuchele umetania lakini hapo ndipo penyewe. Hakuna aliyetaja sababu hii: watu wanakataa sifa kwa sababu sifa huku kwetu mara nyingi ni barua ya kukuita kazini. Anayesimama mkutanoni akakusifu kwamba unajua kompyuta, wiki ijayo utamwona na flashi mkononi. "Wewe ndiye mtaalamu wetu, hebu tuandikie hii ripoti." Bila senti. "Sijafanya lolote" ni kufunga mlango kabla mgeni hajapiga hodi.

Fundi Chuno

Chande, lakini mlango haufungiki. Aliyetaka kukutuma atakutuma tu, na sasa atakuambia "si ulisema ni kitu kidogo?" Ukisema kazi yako si lolote, umeshapanga bei.

Binti Kilwa

Assalaam alaykum. Mbona mnazunguka? Dini imekataza kusifiwa. Mtume (s.a.w.) alisema wanaosifu watupiwe mchanga usoni. Kwa hiyo karani kusema ni Mungu tu ndiyo njia salama kuliko zote.

Ibnu Lindi

Waalaykum salaam. Dada yangu, hadithi hiyo ni sahihi, ipo kwenye Sahih Muslim, imepokewa na sahaba Miqdad. Alimtupia changarawe mtu aliyekuwa anamsifu Uthman mbele yake. Lakini wanazuoni wameieleza kwamba inawalenga wanaofanya kusifu watu kuwa mtaji wao, wanaovuka mpaka ili wapate kitu. Na angalia mchanga unatupwa kwa nani: anatupiwa msifiaji, hakuambiwa msifiwa akane kazi yake.

Humo humo kwa Muslim kuna hadithi ya Abu Dharr. Mtume aliulizwa kuhusu mtu anayefanya jambo jema na watu wakamsifu kwalo. Akasema hiyo ni bishara ya mapema ya muumini. Hakusema akatae. Tena tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Mwenyekiti amekupa neno jema, haki yake ni kushukuriwa.

Karani angesema "Alhamdulillah, ahsante mwenyekiti," amemshukuru Mungu na amemshukuru mtu, na hajasema uongo wowote. Tatizo la jibu lake si kumtaja Mungu. Tatizo ni "sijafanya lolote," kwa sababu alifanya. Imepokewa pia kwamba miongoni mwa masahaba mtu akisifiwa alikuwa akiomba: ewe Mola, usinichukulie kwa wanayoyasema, nisamehe wasiyoyajua. Hiyo ni dua ya moyoni kwako na Mola wako. Huhitaji kuwatangazia ukumbi.

Binti Kilwa

Nimekuelewa ustadhi, jazakallahu khayran. Ila watu wengi wakisema Alhamdulillah kwa sauti ile wanayoijua wenyewe, unaona kabisa kwamba ni maringo yaliyovaa kanzu.

Binti Mikindani

Naona wote mnakwepa. Sababu kubwa ni kijicho. Ukumbi una watu wengi, wengine walitaka nafasi hiyo ya ukarani wapewe watoto wao. Ukisimama ukasema "nimefurahi," umewaonyesha pa kulenga. Bibi yangu aliuza vitumbua miaka mingi, mtu akimwambia vitumbua vyako vitamu bila kusema mashallah, alikuwa anajibu "vimeungua leo." Havikuungua. Na biashara haikufa mpaka alipozeeka mwenyewe.

Fundi Chuno

Na wateja wakaendelea kununua vilivyoungua?

Binti Mikindani

Wateja wa pale walimjua. Ndiyo hoja yangu. Anayekujua anajua jibu lako ni kinga. Mteja wako yule wa gauni alikuwa mgeni.

Mwalimu wa Masasi

Binti Mikindani, hapo umetoa kitu kikubwa kuliko unavyodhani. Jibu la kukataa linafanya kazi pale ambapo wote mna desturi moja, kwamba anayesifu atasisitiza mara ya pili na ya tatu. "Vimeungua." "Hata, vitamu." "Haya, karibu." Ule msisitizo ndio unaokamilisha adabu. Mkutanoni hakuna mara ya pili. Mwenyekiti ana ajenda, amesema mara moja, kipaza sauti kimeondoka. Kukataa kwako ndilo neno la mwisho lililobaki hewani, na mtani akalidaka.

Desturi zenyewe zinahama pia. Huko China, kwenye mji wa Xi'an, wanafunzi waliulizwa wanavyojibu wakisifiwa, utafiti ukachapishwa mwaka 1993, karibu wote walikuwa wanakataa. Ukarudiwa mji ule ule ukachapishwa 2010, wengi wakawa wanakubali. Watu ni wale wale, adabu bado wanayo.

Mzee wa Mikindani

Mwalimu, wameharibikiwa tu hao.

Nesi wa Nachingwea

Nimesoma kimya, naomba nichangie la kwetu wodini. Kuna sifa ambayo hata ahsante peke yake haitoshi, nayo ni sifa isiyo yako.

Wodi ya wazazi, mama anaruhusiwa kwenda nyumbani, mama mkwe wake ananishika mikono yote miwili: "Mwanangu umetushonea vizuri, binti hana maumivu, Mungu akuweke." Mimi sikushona. Alishona mwenzangu wa zamu ya usiku, mimi niliingia asubuhi nikabadilisha shuka na kupima presha. Ukikataa "hapana si mimi" kwa haraka, yule bibi anaona aibu kwamba ameshukuru mtu asiye. Ukinyamaza, umemla mwenzako. Ninavyofanya: "Ahsante sana mama, nimefurahi binti yuko vizuri. Aliyemshona ni dada wa zamu ya usiku, nitamfikishia maneno yako haya." Na kweli ninamfikishia siku hiyo hiyo, na maneno ya bibi kama alivyoyasema, nisiyapunguze. Kama ahadi hiyo hutaitimiza ni bora usiitoe.

Kingine. Wakati mwingine sifa inakuja na noti imekunjwa kiganjani. Hapo pokea neno, rudisha noti, tena kwa mkono ule ule: "Neno lako linatosha mama, hii kamnunulie mtoto sabuni." Usipopokea neno, anadhani umekasirikia noti kuwa ndogo.

Binti Tandahimba

Nesi umenigusa mahali, maana kuna jambo sikulieleza mwanzoni. Mdogo wangu hakufanya peke yake. Kuna kijana mbeba magunia pale ghalani, amesoma mpaka kidato cha nne. Kila jioni baada ya mizani kufungwa alikuwa anakaa na mdogo wangu, mmoja anasoma daftari, mwingine anaangalia stakabadhi, wanalinganisha jina kwa jina. Makosa yaliyobaki ya mchana waliyakamatia hapo. Mwenyekiti hakumtaja kwa kuwa hakujua. Mdogo wangu angeweza kumtaja, lakini aliposema "sijafanya lolote" akafunga na mlango wa yule kijana. Kama karani mwenyewe hakufanya lolote, msaidizi wake alifanya nini? Yule kijana alikuwepo, amesimama dirishani.

Na Chande, mwenyekiti si mtu wa kutuma watu bure, simjui kwa tabia hiyo. Alisifu kwa nia safi.

Mchonga Mpingo

Naam. Hapo sasa uzi umeanza.

Mimi ni mchongaji, nimechonga Mtwara na nimekaa Mwenge Dar. Kwetu wachongaji sifa ni sehemu ya mnada. Mgeni anaingia, anashika sanamu ya ujamaa, ile ya watu waliopandana kulizunguka gogo, anasema wewe ni fundi mkubwa sijapata kuona. Ukivimba hapo, ukaanza "mimi bwana nimemchongea mheshimiwa fulani, kazi zangu ziko Ulaya," umekwisha. Anakusikiliza, anatabasamu, kisha anasema: kwa fundi mkubwa kama wewe hiki si kitu, nipunguzie. Na ukijidharau, "hiki cha kujifunzia tu," bei imeshuka kwa mdomo wako.

Marehemu babu alikuwa na jibu moja. Anasema ahsante, anaichukua ile sanamu, anaigeuza kichwa chini, anamwonyesha mteja kitako. Pale chini unaona duara la mpingo: ganda la nje lina rangi hafifu ya manjano, moyo ni mweusi, na mistari ya mti inapita bila kukatika. "Gogo moja." Anamrudishia. Kwa sababu wengi wanadhani watu wale wamegundishwa. Maneno mawili tu, hayana kujisifu hata chembe, lakini mteja anaelewa kwamba tezo likikosea pigo moja kwenye mguu wa yule wa juu, hakuna kubandika, kazi ya miezi imeharibika. Hajaambiwa kwamba babu ni fundi. Ameona mwenyewe.

Nitakupeni dalili ya kuvimba, maana mnaogopa kuvimba bila kukijua. Jibu likiwa refu kuliko sifa, ujue limeshakuponyoka.

Ntwara Kuchele

Mchonga, posti yako ni ndefu kuliko sifa zote za humu.

Mchonga Mpingo

Hakuna aliyenisifu, kwa hiyo nina ruhusa.

KoroshoGhafi

Wakuu nimesoma toka juu kama nilivyoambiwa. Naomba radhi kwa kuingilia. Kumbe kisa ni hicho hicho changu. Mimi namba yangu ya akaunti ilikuwa sawa, ila jina kwenye stakabadhi liliandikwa mawili na benki nina matatu. Benki ikaikataa. Huyo kijana wa dirishani angelikamata hilo jina jioni ile ile. Mwambieni kuna mtu Newala anamsifu bila kumjua.

Binti Tandahimba

Nitamwambia kaka, na nitakuletea jibu lake kama atalitoa.

Mwalimu wa Masasi

Tujaribu basi kumwandikia mdogo wetu jibu ambalo angelitoa siku ile. Nafungua mimi, mnirekebishe:

"Ahsante sana mwenyekiti, nimefurahi. Kusoma namba kwa sauti kulichelewesha foleni, nawashukuru wakulima kwa kuvumilia. Na kila jioni Hamisi wa ghalani alikaa nami kulinganisha daftari na stakabadhi."

Jina Hamisi nimeliweka tu. Angalieni: amempokelea mwenyekiti neno lake, ametaja kazi yenyewe, amegawa sifa kwa watu wenye haki nayo. Hajasema yeye ni hodari.

Fundi Chuno

Mwalimu, toa "kulichelewesha foleni." Ni bega lile lile lililokunjika. Kuna mtu ukumbini alikuwa ameshasahau foleni, umemkumbusha, atanyanyua mkono.

Chande wa Ruangwa

Napinga. Foleni waliisimamia wao juani, hawajasahau. Ukiitaja wewe kwanza umewaondolea la kusema. Ukiiruka, wataona unapokea makofi yao na jasho lao hulioni.

Fundi Chuno

Basi sema "nawashukuru wakulima kwa kuvumilia foleni." Usiseme kulichelewesha. Kushukuru na kukiri kosa si mamoja, na hapa hakuna kosa.

Mwalimu wa Masasi

Nimekubali marekebisho ya fundi. "Ahsante sana mwenyekiti, nimefurahi. Nawashukuru wakulima kwa kuvumilia foleni tukisoma namba moja moja. Na kila jioni Hamisi wa ghalani alikaa nami kulinganisha daftari na stakabadhi." Hapo anakaa.

Ntwara Kuchele

Nzuri, lakini nani anaweza kuyatoa yote hayo magoti yakimgonga? Yule binti alipata mshtuko, akatoa la karibu mdomoni. Mngemwambia aseme "Ahsante baba" tu, inatosha. Huko kwingine ni kwa watu waliozoea vipaza sauti.

Nesi wa Nachingwea

Kuchele, ndiyo maana unaliweka tayari kabla. Ukijua kwamba msimu umekwenda vizuri na mkutano mkuu unakuja, unaweza kutegemea kutajwa. Kuandaa ahsante si kujisifu. Mbona rambirambi tunaziandaa njiani tukienda msibani?

Ila hata hivyo nakubali, mtu akishtushwa, "Ahsante baba, nimefurahi" inambeba. Jina la msaidizi anaweza kulipeleka kwa mwenyekiti baada ya mkutano, atangaze yeye.

Mzee wa Mikindani

Nimewasoma wote. Mwalimu, kwenye mgema nakuachia nusu. Nusu nyingine nabaki nayo: nimeona vijana waliosifiwa mapema wakaacha kujifunza. Lakini nitasema jambo ambalo nyie mmelisahau kwa kushughulika na maneno. Mtoto anasifiwa na mkubwa, anajibu kwa mwili kwanza. Anainuka, anapunguza sauti, anaita "baba" au "mama," anapokea kwa mikono miwili hata kama hakuna kitu cha kupokea. Ukishafanya hivyo, "ahsante nimefurahi" haiwezi kuwa maringo hata ungetaka. Maringo yako kwenye shingo. Siku hizi mtu anasifiwa kwenye kundi la WhatsApp anajibu kwa kidole gumba, tena baada ya siku mbili.

Binti Mikindani

Hapo kwenye kundi la WhatsApp babu umenikumbusha. Akisifiwa mmoja watu ishirini wanaandika hongera. Unamjibu kila mmoja au mara moja kwa wote?

Ibnu Lindi

Mara moja kwa wote, na kwa jina yule aliyeanzisha. Ukimjibu mmoja mmoja unairudisha sifa yako juu ya kundi mara ishirini.

Chande wa Ruangwa

Mimi bado nauliza langu. Sifa inayokuja na kazi ndani yake. "Binti yetu ni hodari, kwa hiyo msimu ujao atasimamia na ghala la pili." Kimesemwa kwa pumzi moja, makofi yanapigwa. Ukisema ahsante, umekubali ghala.

Fundi Chuno

Unaitenganisha. "Ahsante mwenyekiti kwa maneno hayo. La ghala la pili naomba tulizungumze na bodi." Sauti ile ile, tabasamu lile lile. Mimi wateja wangu wanaosema "wewe ndiye fundi wangu" huku wananyoosha kitambaa cha bure nawajibu hivyo hivyo: ahsante dada, bei ni ile ile.

Chande wa Ruangwa

Kwa mteja sawa. Mwenyekiti mbele ya wanachama, hapana. Ataona umemwekea mguu. Afadhali amfuate baadaye ofisini.

Ntwara Kuchele

Na akifuata baadaye ataambiwa "mbona ulipokea makofi?"

Binti Tandahimba

Wadau, nimezungumza na yule kijana wa ghalani jioni hii, nikamsomea la KoroshoGhafi. Amecheka sana, kisha akasema jambo limenichanganya. Amesema afadhali hakutajwa. Mbeba magunia anayeshika daftari la chama, kuna watu wangeuliza kwa idhini ya nani.

Mwalimu wa Masasi

Hilo sikuliwaza hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kumgawia mtu sifa hadharani, muulize kwanza kama anaitaka.

Nesi wa Nachingwea

Sasa kama hataki kutajwa, karani aseme nini? Akisema nilifanya peke yangu ni uongo. Akisema "nilisaidiwa" bila jina, wataanza kuulizana ni nani.

Mchonga Mpingo

Aseme "tulikuwa tunakagua kila jioni." Hiyo "tu" inatosha.

Fundi Chuno

Haitoshi. Kijana mwenyewe anajua hiyo "tu" haina sura yake. Mimi ningemwomba mwenyekiti kwanza ampe kibali cha kushika daftari, kwa maandishi, ndipo atajwe.

KoroshoGhafi

Au wampe ukarani msaidizi kabisa. Halafu aje Newala.

Ntwara Kuchele

Tumerudi kwenye kumpa kazi.